Unukuzi, kuuza huduma au chaneli ya video: ulinganisho wa njia tatu za kipato cha mtandaoni kwa mliomaliza shule

Vijana wa klabu, nimeombwa nizungumze nanyi kuhusu kipato cha mtandaoni, na kwa kuwa muda hautoshi kuzigusa njia zote, nimechagua tatu ambazo mtu aliyemaliza shule anaweza kuzianza bila shahada na bila mtaji mkubwa: kunukuu sauti kuwa maandishi, kuuza huduma ndogo kwa wateja kupitia majukwaa ya kazi, na kuendesha chaneli ya video. Nitazipima kwa vipimo viwili tu. Cha kwanza ni fedha inayobaki baada ya makato yote, ikigawanywa kwa saa zote ulizotumia, zikiwamo zile ambazo hakuna aliyekulipa. Cha pili ni muda unaopita tangu unapoanza kazi hadi fedha inapofika mahali unapoweza kuitumia. Matangazo mengi mnayoyaona kwenye simu zenu hutaja kiasi kilicholipwa na kunyamaza kuhusu vipimo hivi viwili.

Hesabu zitakuwa kwa dola kwa sababu majukwaa mengi ya kimataifa hulipa kwa dola. Ninapotaja kanuni za jukwaa fulani, hizo ni zake, nazo hubadilishwa mara kwa mara. Ninapotaja bei ya kazi, ni mfano niliouchukua ili tufanye hesabu, si ahadi.

Unukuzi: fedha huja mapema, lakini dari liko chini

Katika unukuzi unapewa faili ya sauti, tuseme mahojiano au mkutano, nawe unaandika kila kilichosemwa kwa kufuata mwongozo wa kampuni: namna ya kumtambulisha kila msemaji, namna ya kuonyesha neno lisilosikika, iwapo vigugumizi na marudio yabaki au yaondolewe. Kabla ya kupokelewa unafanya jaribio, na wengi huanguka katika jaribio hilo kwa sababu hawakuusoma mwongozo hadi mwisho, ingawa lugha wanaijua vizuri. Kampuni nyingine hazipokei watu wa kila nchi, basi lisome sharti hilo kabla ya kutumia siku nzima kujiandaa.

Mtego mkubwa uko kwenye tangazo lenyewe. Likisema malipo ni dola 24 kwa saa, hiyo kwa kawaida ni saa ya sauti, wala si saa ya kazi yako. Dola 24 kwa saa ya sauti ni senti 40 kwa dakika. Faili ya dakika 30 itakuletea dola 12. Sasa tujiulize itakuchukua muda gani. Mnukuzi mzoefu mwenye sauti safi hutumia takriban mara nne ya urefu wa faili. Anayeanza hutumia mara sita au zaidi. Kwa hiyo anayeanza ataandika kwa saa tatu, kisha atasikiliza tena kwa nusu saa akisahihisha. Dola 12 kwa saa tatu na nusu ni takriban dola 3 na senti 43 kwa saa. Ikiwa wasemaji wanakatizana au kipaza sauti kilikuwa mbali, saa hizo huweza kuwa nne na nusu au tano, na malipo yakabaki yale yale.

Anapozoea na kufika mara nne, dakika 30 humchukua saa mbili, na malipo yake yanapanda hadi dola 6 kwa saa. Hapo ndipo penye dari. Bei hupangwa na kampuni, nawe huwezi kupata nyongeza ila kwa kuandika haraka zaidi, na vidole vina mwisho wake. Isitoshe, kazi haipatikani kila siku: unaweza kuingia asubuhi ukakuta orodha ya faili ni tupu, au zimebaki zile mbovu ambazo wenzako wamezikwepa. Katika sehemu nyingi kompyuta sasa ndiyo inayotoa rasimu ya kwanza, na mtu hulipwa kiasi kidogo zaidi kuisahihisha. Rasimu mbovu huweza kula muda uleule wa kuandika upya. Kabla ya kukubali kazi ya namna hiyo, pima dakika tano za mwanzo kwa saa yako, uzidishe, ndipo uamue.

Pamoja na hayo, siidharau njia hii. Ubora wake ni kwamba hutafuti mteja, hubishani bei, na kampuni nyingi huwa na siku maalumu za malipo, kwa hiyo baada ya majuma machache unajua kwa hakika saa yako ina thamani gani. Kwa mtu mwenye sikio zuri, anayeijua lugha kwa ufasaha wa maandishi na anayehitaji fedha kidogo ndani ya mwezi huu, ningeiweka mbele ya nyingine zote.

Kuuza huduma: mwanzo mgumu, kisha hali hugeuka

Njia ya pili ni kujitangaza kwamba unafanya kazi fulani, halafu mteja akulipe kwa kazi iliyokamilika. Neno «huduma» lisiwatishe. Nazungumzia kazi kama kuhamisha orodha zilizopigwa picha na kuziingiza kwenye jedwali la kompyuta, kupanga ripoti iliyovurugika, kuweka maandishi chini ya video, au kufasiri maelezo mafupi ya bidhaa. Majukwaa yanayojulikana zaidi ni Fiverr na Upwork, nayo hayafanani hata kidogo katika jambo linalomhusu zaidi anayeanza, yaani nani anabeba gharama ya kutafuta kazi.

Katika Upwork, mteja hutangaza kazi nawe unatuma ombi, na kila ombi hulipiwa kwa tokeni zinazoitwa Connects, ambazo huuzwa kwa senti 15 kila moja. Kazi moja huweza kudai Connects kadhaa, na wakati mwingine zaidi ya kumi. Tuache kando zile chache unazoweza kupewa bure, tufuatilie kijana anayetuma maombi 15, kila moja kwa Connects 12. Ombi moja limemgharimu dola 1 na senti 80, na yote 15 yamemgharimu dola 27. Anajibiwa na mteja mmoja, anapata kazi ya dola 30. Jukwaa lina makato yanayotofautiana kati ya mkataba na mkataba, kuanzia sifuri hadi asilimia 15. Tuseme kwake ni asilimia 10. Anabaki na dola 27, ambazo ndizo alizotoa. Amefanya kazi nzima na hana hata senti moja ya faida, mbali na muda wa kuandika maombi 14 yaliyopotea.

Je, kazi hiyo ilikuwa hasara? Inategemea alichobaki nacho. Ikiwa mteja ameacha sifa nzuri kwenye ukurasa wake, ombi lake la kumi na sita litasomwa kwa jicho jingine. Ikiwa hakuacha lolote, kijana yuko pale pale alipoanza. Kwa sababu hiyo namshauri anayeanza asitume ombi kwa kazi ambayo tayari ina waombaji wengi, wala kwa mteja ambaye akaunti yake haionyeshi kwamba amewahi kulipa mtu, na aandike katika mistari miwili ya kwanza ya ombi jambo linaloonyesha kwamba amelisoma tangazo. Ombi linaloanza kwa kujisifu halifunguliwi.

Fiverr huenda kinyume. Wewe ndiye unayeweka tangazo la huduma yako na bei yake, na mnunuzi ndiye anayekuja. Hulipii maombi, lakini jukwaa linakata asilimia 20 ya kila unachouza, na tangazo jipya huweza kukaa majuma mengi bila mtu kuligusa. Hapa gharama unailipa kwa kusubiri. Kwa kijana asiye na fedha ya kununulia Connects, mimi ningeanzia hapa, huku nikitafuta mteja wa kwanza au wa pili miongoni mwa watu wanaonijua, ili angalau niwe na sampuli za kazi halisi za kuonyesha.

Tuifuate kazi moja hadi mwisho. Mteja ana kurasa 40 za orodha ya vipuri zilizopigwa picha, anataka ziingizwe kwenye jedwali lenye safu nne: namba ya kipuri, jina, idadi na bei. Mnakubaliana dola 25. Jukwaa linachukua dola 5, unabaki na 20. Kila ukurasa unakuchukua dakika sita, jumla saa nne. Saa moja umekagua, kwa kuwa tarakimu moja ikikosewa katika namba ya kipuri, orodha nzima haiaminiki. Saa nyingine moja ilikwenda katika kujibizana na mteja kabla ya kuanza. Kisha ukampelekea, naye akasema alitaka jina la mtengenezaji liwe na safu yake peke yake, jambo ambalo hakulisema wala hukumuuliza; saa nyingine imekwenda. Dola 20 kwa saa saba ni dola 2 na senti 86 kwa saa, yaani chini ya kile anachopata mnukuzi anayeanza.

Watu wengi huachia hapa, na kwa hesabu ya siku hiyo wana haki. Lakini mteja huyohuyo ana kurasa nyingine mwezi unaofuata. Sasa una kiolezo cha jedwali, unajua safu anazozitaka, mazungumzo yamekuwa mistari mitatu. Kazi ileile inachukua saa nne na nusu, na dola 20 zinakuwa dola 4 na senti 44 kwa saa. Mara ya tatu unamweleza kwamba bei yako sasa ni dola 35; ukiondoa makato unabaki na 28, na kwa saa nne na nusu umepata dola 6 na senti 22 kwa saa, juu kidogo ya mnukuzi mzoefu, nawe bado unaweza kupanda. Mistari miwili ya mapato imekatana, na kilichoifanya ikatane ni mteja anayerudi. Kwa hiyo anayechagua njia hii achague huduma ambayo mtu huihitaji tena na tena. Kuchora nembo kwa anayefungua biashara ni kazi ya mara moja. Kupanga orodha ya bidhaa zake kila mwezi ni kazi inayorudi.

Kuhusu muda, mwekee hesabu mzazi au mlezi wako mapema, asije akadhani unamdanganya. Katika Fiverr, ukishawasilisha kazi na mnunuzi akakaa kimya, agizo hujifunga lenyewe baada ya siku tatu, kisha fedha ya muuzaji mpya hushikiliwa siku 14. Hizo ni siku 17 tangu siku uliyokabidhi, kabla hujaanza kuitoa. Kutoa nako kuna ada. Ikiwa njia yako ya kutolea hukata dola 3 kila mara, ukitoa dola 12 umepoteza robo. Ukisubiri zifike 60, umepoteza sehemu moja ya ishirini. Lakini fedha ya kifurushi cha intaneti ya majuma hayo unaitoa wewe, na ni sharti uwe nayo tangu mwanzo.

Chaneli ya video: usiiite kipato kabla haijawa kipato

Njia ya tatu ndiyo mnayoipenda, na ndiyo nitakayoisema kwa ufupi, kwa kuwa hesabu yake haihitaji maneno mengi. Ili YouTube ikugawie fedha za matangazo, chaneli inapaswa kuwa na waliojiunga 1,000, pamoja na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12 au, kwa video fupi, mara milioni 10 za kutazamwa ndani ya siku 90. Kuna daraja la chini linaloanzia waliojiunga 500, lakini hilo hufungua michango ya watazamaji, halifungui matangazo.

Saa 4,000 ni dakika 240,000. Mtazamaji wa kawaida akibaki nawe kwa dakika tatu, unahitaji kutazamwa mara 80,000. Ukiwa na video 40, kila moja inapaswa kutazamwa mara 2,000 kwa wastani. Na ikiwa kila video imekuchukua saa kumi za kuandaa, kurekodi na kuhariri, umefanya kazi kwa saa 400 kabla ya senti ya kwanza ya tangazo. Ukishaingia, unapata asilimia 55 ya mapato ya matangazo kwenye video ndefu na asilimia 45 ya mgawo wako kwenye fupi. Tuseme, baada ya mgawo huo, kinachokufikia ni dola 2 kwa kila mara elfu za kutazamwa. Ili ufike dola 100, ambazo ndizo kiwango cha chini cha kulipwa na AdSense, mfumo wa Google unaowalipa wenye chaneli fedha za matangazo, unahitaji kutazamwa mara nyingine 50,000. Mapato yakifika dola 10, hutumwa namba ya siri kwa posta ili kuthibitisha anwani yako, na kijana asiye na anwani ya posta anayoweza kuitegemea hukwama hapo hapo.

Sisemi msiifanye. Nasema isiwe ndiyo inayotegemewa kulipia chochote. Anayejua kufundisha hesabu au kutengeneza redio anaweza kurekodi video mwishoni mwa juma, na video hizo zikamletea wateja wa huduma yake kabla hazijamletea tangazo lolote. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo faida ya uhakika zaidi ya chaneli ndogo, nayo haihitaji watu 1,000.

Nani achague ipi

Ikiwa unahitaji fedha kabla ya majuma sita kwisha, na una kompyuta hata kama ni ya kuazima kwa saa maalumu, anza na unukuzi. Simu peke yake haitoshi kwa kazi hii, kwa sababu utahitaji kusimamisha na kurudisha sauti kwa kibonye huku mikono ikiandika. Ikiwa kuna anayekulisha kwa miezi mitatu au minne ijayo na unaweza kuvumilia mapato ya aibu mwanzoni, anza na huduma moja, si tano, na utafute mteja wa kurudi. Wenye muda wa siku nzima wanaweza kuchanganya: unukuzi asubuhi kwa ajili ya kulipia intaneti, huduma mchana. Chaneli ibaki pembeni katika hali zote mbili.

Umri nao huamua. Upwork haimpokei aliye chini ya miaka 18. Fiverr humpokea kuanzia miaka 13, lakini aliye chini ya 18 anatumia akaunti ya mzazi au mlezi, kwa ruhusa na usimamizi wake. AdSense nayo humtaka aliye chini ya 18 apokee malipo kupitia mtu mzima. Msidanganye tarehe ya kuzaliwa: kitambulisho huweza kudaiwa siku ya kutoa fedha, wakati ambapo fedha tayari iko ndani na huwezi tena kujitetea. Kwa sababu hiyohiyo, jina la akaunti liandikwe kama lilivyo kwenye kitambulisho, herufi kwa herufi. Kuazima akaunti ya mtu mwingine iliyokwisha kuthibitishwa, au kumkodishia ya kwako, ni kukiuka masharti, na akaunti ikifungwa fedha hufungwa pamoja nayo.

Ile inayojifanya kuwa njia ya nne

Najua kuna aliyepokea ujumbe wa kazi ya kupenda video au kukadiria hoteli kwa malipo ya kila siku, na pengine kuna aliyelipwa kweli. Malipo hayo ya kwanza ndiyo chambo. Unapewa akaunti inayoonyesha salio, unatoa kiasi kidogo, kinafika, unaamini. Siku ya tatu au ya nne unapewa «kazi maalumu» ambayo inalifanya salio lisome hasi, na unaambiwa uweke fedha yako kwanza ili salio lifunguke. Ukiweka, hutokea hasi kubwa zaidi. Ukitaka kutoa, unaambiwa ulipe kodi au ada ya kutolea kabla. Salio unaloliona ni tarakimu tu walizoandika wao kwenye ukurasa wao.

Alama ya kuutambua mchezo huu haiko kwenye lugha ya ujumbe wala kwenye uzuri wa tovuti. Tazama fedha inaelekea wapi. Katika njia tatu nilizozilinganisha, jukwaa halali hukata ada yake kutoka kwenye fedha iliyokwisha kuingia. Halikudai uweke fedha mpya ili likuachilie ya zamani. Connects za Upwork ni gharama ya kutuma ombi, unaiona kabla ya kutuma, na hakuna mapato yako yaliyoshikiliwa nyuma yake. Mtu akikuambia mapato yako yapo lakini yanasubiri malipo yako, usitume chochote, hata kama tayari umekwisha kutuma mara mbili.

Atakayetaka kuanza juma hili, kabla ya kujisajili popote afungue ukurasa wa jukwaa unaoeleza njia za kutolea fedha, aangalie kama nchi yake imo na kwa njia gani. Kuna huduma za malipo ambazo katika baadhi ya nchi humruhusu mtu kutuma fedha tu, si kupokea, na hilo linafaa kujulikana kabla ya kukubali faili ya kwanza.